Uzi: Mpira unagonga ukuta na kurudi, grafu ya nguvu na muda. Njia mbili zinanipa nguvu za wastani mbili tofauti

Mdadisi_F4
Wakuu habari zenu. Nina swali moja la fizikia ambalo limenikwamisha, naliweka lilivyo.

Mpira wa masi 0.05 kg unakwenda moja kwa moja kwenye ukuta kwa mwendo wa 21 m/s na unarudi njia ileile kwa mwendo wa 15 m/s. Kuna grafu ya nguvu dhidi ya muda. Nguvu inaanza sifuri, inapanda kwa mstari ulionyooka hadi 360 N kwenye milisekunde ya 4, halafu inashuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri kwenye milisekunde ya 10. Wanataka (a) impulsi, (b) nguvu ya wastani, na (c) ni wakati gani mpira ulisimama kabisa kabla ya kugeuka.

Nikitumia mwendo: 21 − 15 = 6, mara 0.05 napata 0.3 N s. Nagawa kwa sekunde 0.010, nguvu ya wastani 30 N.

Nikitumia eneo la pembetatu: nusu × 0.010 × 360 = 1.8 N s. Nagawa kwa 0.010, napata 180 N.

Tofauti ni mara sita. Mpira ni mmoja na ukuta ni mmoja, haiwezekani zote ziwe sahihi. Kosa liko wapi? Kwa (c) nadhani ni milisekunde ya 4, pale kwenye kilele, ila naomba mnihakikishie.

Mshale
Mkuu, njia ya eneo ndiyo sahihi. Kwenye mwendo umesahau mwelekeo. Mpira uliokuwa unakwenda kulia sasa unakwenda kushoto, kwa hiyo mmoja ni chanya na mwingine ni hasi. 21 − (−15) = 36. Mara 0.05 ni 1.8. Zimelingana.

Nikupe na njia ya mkato ya kutumia kwenye mtihani: nguvu ya wastani ni nusu ya kilele. Hapa 360 gawa kwa 2 ni 180, umemaliza bila kutafuta eneo. Na (c) uko sahihi, nguvu inapokuwa kubwa kuliko zote ndipo mpira umebanwa hadi mwisho, lazima uwe umesimama.

Nahodha wa Zamu
Mimi naona nyote mmeacha kitu. Mpira hauko ukutani muda wote. Unakwenda, unagonga, unarudi, unarushwa tena. Tuseme unagonga kila baada ya nusu sekunde. Basi nguvu ya wastani juu ya ukuta ni 1.8 gawa kwa 0.5, yaani 3.6 N. Hiyo 180 N ni kubwa mno, ukuta ungesukumwa na uzito wa kilo 18 muda wote.

Bi Mizani
Nimefundisha sehemu hii kwa muda mrefu na ninaipenda, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Mdadisi, Mshale amekueleza vizuri suala la mwelekeo, lakini ningependa ulione kwenye tukio lenyewe, usiishie kwenye alama ya kutoa. Ukuta unafanya kazi mbili. Kwanza unausimamisha mpira, yaani unaondoa momentamu yote ya 0.05 × 21 = 1.05 N s. Kisha unausukuma kurudi ulikotoka, unaupa momentamu mpya ya 0.05 × 15 = 0.75 N s kuelekea upande wa pili. Kazi zote mbili zinafanywa na nguvu ya upande uleule, ile inayoelekea mbali na ukuta, ndiyo maana zinajumlishwa: 1.05 + 0.75 = 1.80.

Ile 0.3 N s uliyoipata ingekuwa jibu la swali jingine: mpira umepenya karatasi laini, umeingia na 21 m/s na kutokea upande wa pili na 15 m/s. Ukijiuliza tu kama mpira umerudi au umepita, hutatoa pale panapotakiwa kujumlisha. Na kuna dalili nyingine ya kukushtua mapema. Kama mpira ungerudi na mwendo wa 21 kamili, njia yako ya kutoa ingekupa impulsi sifuri, maana yake ukuta haukugusa kitu.

Sasa nguvu ya wastani. Ni ile nguvu moja isiyobadilika ambayo, ikifanya kazi kwa muda uleule, ingeleta impulsi ileile. Kwenye grafu ni sawa na kifusi cha mchanga kilichochongoka ambacho umekisawazisha ndani ya boksi lenye upana uleule: mchanga haukupungua wala kuongezeka, umbo tu limebadilika. Boksi hapa lina upana wa milisekunde 10 na eneo la 1.8 N s, kwa hiyo kimo chake ni 180 N.

Nahodha, hesabu yako ya 3.6 N ni sahihi, ila inajibu swali ambalo Mdadisi hakuulizwa. Wewe umesawazisha mchanga uleule kwenye boksi la nusu sekunde nzima. Ukitaka kujua ukuta unasukumwa kiasi gani na mipira inayokuja mfululizo, utatumia 3.6 N. Ukitaka kujua mpira wenyewe ulibanwa kwa nguvu gani ulipokuwa umegusa ukuta, utatumia 180 N. Na hiyo 180 N haidumu muda wote, inadumu sehemu moja ya mia ya sekunde. Nguvu ya wastani isiyotajiwa muda wake haina maana, ndiyo maana mimi husisitiza wanafunzi waandike muda pembeni ya jibu.

Nahodha wa Zamu
Nimekuelewa Bi Mizani. Nilikuwa nafikiria ukuta, swali linahusu mgongano mmoja.

Mshale
Asante mwalimu. Kuhusu njia ya mkato bado nasimama pale pale. Nguvu inaanza sifuri na inaishia kileleni, wastani wa sifuri na 360 ni 180. Wakati wa kushuka ni hivyohivyo. Nimeshaitumia kwenye maswali mengi na haijawahi kukataa.

Bi Mizani
Haijakataa kwa sababu maswali hayo yote yalikuwa na pembetatu. Kwa pembetatu ni kweli kabisa, na haijalishi kilele kiko katikati au pembeni. Lakini ubadilishe umbo uone.

Chukua mpira uleule wenye impulsi ileile ya 1.8 N s na muda uleule wa milisekunde 10. Safari hii nguvu inapanda hadi 240 N ndani ya milisekunde 2, inakaa hapohapo hadi milisekunde ya 7, kisha inashuka hadi sifuri kwenye ya 10. Umbo ni trapeza. Upande wa chini ni 10, wa juu ni 5, kimo 240. Eneo ni nusu × (10 + 5) × 240 = 1800, na kwa kuwa muda ulikuwa katika milisekunde, hiyo ni 1.8 N s. Nguvu ya wastani ni 180 N ileile. Njia yako ingetoa 120 N.

Na grafu za kweli mara nyingi hazina kona kali, zinakuwa na umbo la kuba. Kama kuba hiyo ni nusu wimbi, yaani F = F₀ sin(πt/T), wastani ni kilele mara 2/π, karibu 0.64. Kwa impulsi yetu kilele kingekuwa kama 283 N. Kwa hiyo una migongano mitatu yenye impulsi moja na wastani mmoja, lakini vilele ni 360, 283 na 240. Kutoka kwenye wastani peke yake huwezi kurudi kwenye kilele mpaka ulijue umbo.

Mshale
Hapo sawa. Ya trapeza nimeikokotoa mwenyewe na imetoka 1.8. Basi ni ya pembetatu tu.

Mdadisi_F4
Asanteni sana wote. (a) na (b) nimeelewa. Kwa hiyo (c) ni milisekunde ya 4, tufunge?

Kiwiko
Usifunge Mdadisi. Tafuta eneo hadi milisekunde ya 4 uone kama linatosha kuusimamisha mpira.

Mdadisi_F4
Nusu × 0.004 × 360 = 0.72 N s. Bi Mizani alisema kuusimamisha kunahitaji 1.05. Haijatosha?

Kiwiko
Haijatosha. 0.72 gawa kwa 0.05 ni 14.4. Mpira ulikuja na 21, umepunguzwa 14.4, bado unao mwendo wa 6.6 m/s na bado unaelekea ukutani. Kwenye kilele cha grafu mpira unaendelea kujibana.

Sasa songa mbele milisekunde moja. Mstari wa kushuka unapoteza 360 N katika milisekunde 6, yaani 60 N kila milisekunde. Kwenye milisekunde ya 5 nguvu ni 300 N. Eneo kati ya 4 na 5 ni wastani wa 360 na 300, ambao ni 330, mara 0.001, yaani 0.33 N s. Jumlisha na 0.72, unapata 1.05 kamili. Mpira umesimama kwenye milisekunde ya 5.

Hakiki kwa upande wa pili: eneo lililobaki kutoka 5 hadi 10 ni nusu × 0.005 × 300 = 0.75 N s. Gawa kwa 0.05, unapata 15 m/s, mwendo uleule uliopewa wa kurudi.

Mshale
Hapa sikubali kwa urahisi. Mpira ukiwa umebanwa kabisa ndipo unapaswa kusukuma kwa nguvu zaidi. Springi iko hivyo. Inakuwaje unaendelea kubanwa na nguvu inashuka?

Kiwiko
Kwa springi safi uko sahihi. Nguvu yake inategemea imebanwa kiasi gani tu, kwa hiyo kilele na kusimama vinatokea pamoja. Lakini springi safi ingeurudisha mpira na 21 m/s uleule, na grafu ingekuwa na pande mbili zinazofanana.

Mpira huu umerudi na 15. Kuna nishati imepotea ndani yake, sehemu kubwa imekuwa joto. Raba na hewa iliyomo ndani vinapinga kubanwa, na vinapinga zaidi pale kubanwa kunapokwenda haraka. Mwanzoni kasi ya kubana ni kubwa, kwa hiyo nguvu inaongezeka mapema. Karibu na kusimama kasi hiyo inakaribia sifuri, ule upinzani wa ziada unatoweka, na nguvu inaanza kushuka hata kama mpira unabanwa kidogo zaidi. Wakati wa kurudi, upinzani huohuo unaizuia raba isifumuke, nguvu inakuwa ndogo na mkia unarefuka. Ndiyo maana kilele kimeegemea kushoto.

Ukiona grafu imeegemea kushoto, tarajia mpira kurudi na mwendo pungufu. Lakini usiukadirie kwa macho, gawanya eneo.

Bi Mizani
Kiwiko ameieleza vizuri kuliko ambavyo ningeieleza. Niongeze tahadhari moja: usiligeuze kuwa kanuni kwamba kuegemea kushoto kila mara kunamaanisha upotevu wa kiasi fulani. Swali hili limechorwa kwa mistari iliyonyooka ili hesabu itoke. Mpira halisi una mikunjo na mitetemo yake.

Tumaini_wa_Kona
Samahani kwa kuingilia. Je, uzito wa mpira hatuutoi? Nilifundishwa kwamba impulsi ni ya nguvu halisi yote kwa jumla.

Bi Mizani
Swali zuri. Ukuta umesimama wima na mpira umekuja kwa mlalo. Uzito unavuta chini, hauongezi wala kupunguza chochote kwenye momentamu ya mlalo, kwa hiyo haumo kabisa katika hesabu hii.

Ingekuwa sakafu, ungetakiwa kuutoa. Lakini angalia ukubwa wake: masi 0.05 kg ina uzito wa karibu 0.5 N, na katika milisekunde 10 unaleta 0.005 N s, mbele ya 1.8. Unaweza kuuacha. Mgongano ukiwa mrefu zaidi, mfano mtu anatua kwa miguu na kukunja magoti, hapo ukiuacha jibu litakuwa baya.

Fundi Sensa
Uzi huu umenigusa kwa sababu nina tatizo hilihili, ila langu limetoka kwenye vipimo halisi na halina mistari iliyonyooka.

Nimefunga bamba la chuma kwenye sensa ya nguvu, sensa imefungwa ukutani. Inachukua vipimo 1000 kwa sekunde. Mpira una masi 0.058 kg, kwa video unaingia na karibu 8.5 m/s na kutoka na karibu 6 m/s. Namba za mgongano mmoja, kwa niutoni, kila milisekunde moja:

```
0  35  120  190  205  160  95  40  10  -15  8  -5  3
```

Kabla ya kugongwa sensa ilikuwa inasoma 6 N badala ya sifuri, hizi nimeshazitoa hiyo 6. Tatizo langu ni mgongano unaishia wapi. Kwenye 10? Kwenye ile ya −15? Na hiyo hasi ni nini, mpira umeuvuta ukuta?

Kiwiko
Mpira hauwezi kuuvuta ukuta, labda uwe na gundi. Hiyo hasi ni bamba lako linatetema baada ya mpira kuondoka. Ndiyo maana inabadilishana hasi na chanya na kufifia. Ligonge bamba kidogo kwa kidole bila mpira, ukiona mtetemo wa namna hiyohiyo utajua ni lenyewe.

Impulsi yako ni nzuri. Jumlisha vipimo kutoka 0 hadi 10, ukichukua nusu tu ya hicho cha mwisho, unapata 850, mara 0.001 ni 0.85 N s. Kwa video: 0.058 × 14.5 = 0.84. Zimekaribiana sana kwa vipimo vichache namna hiyo. Kilele usikiamini kihivyo, kwa sababu kilele halisi kinaweza kuwa kimepita kati ya vipimo viwili. Eneo haliathiriki sana na hilo.

Fundi Sensa
Eneo nimeridhika nalo. Wastani ndio unaonisumbua. Nikichukua milisekunde 8, kutoka sifuri hadi ile 10, napata 106 N. Nikihesabu muda ambao nguvu iko juu ya asilimia 10 ya kilele tu, muda unakuwa karibu milisekunde 7, eneo linapungua kidogo sana hadi 0.84, na wastani unakuwa karibu 119 N. Mpira ni uleule na data ni ileile. Niandike ipi kwenye ripoti?

Bi Mizani
Eneo limebadilika kwa asilimia moja tu, wastani kwa zaidi ya kumi. Hilo linatokana na mkia: ni mrefu kwa muda lakini mwembamba kwa eneo. Ukiukata, hujapoteza impulsi yoyote ya maana, lakini umepunguza kigawanyo.

Mimi ningeandika 0.85 N s kama matokeo makuu, kisha nguvu ya wastani pamoja na muda uliotumika. Na ningetumia mgusano wote, kutoka nguvu inapoanza hadi inaporudi sifuri, kwa sababu ndiyo maana ya muda wa mgongano.

Kiwiko
Kwa heshima mwalimu, mimi ningetumia asilimia 10. Pale chini huwezi kutofautisha mpira na mtetemo wa bamba. Hiyo 10 ya mwisho inaweza kuwa nusu mpira nusu bamba. Ukiweka kizingiti, mtu mwingine mwenye sensa nyingine anaweza kupata muda unaolingana na wako. Ukisema "mpaka sifuri", kila mmoja ataiona sifuri mahali pake.

Bi Mizani
Lakini asilimia 10 nayo umeichagua tu. Mwingine atachagua 5, naye atapata wastani wa kwake.

Kiwiko
Ni kweli. Ndiyo maana naiandika kwenye ripoti.

Fundi Sensa
Je, nikijumlisha mpaka mtetemo ufe kabisa? Nimeona hasi na chanya zinafutana.

Kiwiko
Kwa impulsi inafaa, na kuna sababu: bamba lilianza limetulia na limeishia limetulia, kwa hiyo lenyewe halikubaki na momentamu yoyote, na chote kilichopita kwenye sensa kimetoka kwa mpira. Ila hapo uwe makini na ile 6 N uliyoitoa. Ukikosea hata 1 N, katika milisekunde 10 ni 0.01 N s tu, lakini ukijumlisha milisekunde 200 inakuwa 0.2 N s, karibu robo ya impulsi yako. Chukua usomaji wa kabla ya mgongano na wa baada ya mtetemo kuisha. Kama hautofautiani, endelea. Kama umesogea, kata mapema.

Kwa wastani, kujumlisha mpaka mwisho hakukusaidii. Bado utatakiwa kuchagua muda wa kugawia.

Fundi Sensa
Kabla ilikuwa 6.0, baada ni 6.4. Imesogea kidogo. Nitakata pale nguvu inapovuka sifuri, niandike wastani zote mbili na muda wa kila mmoja. Kisha nitafunga bamba jepesi zaidi nione kama ule mkia unabaki.

Mdadisi_F4
Fundi, ukipata namba za bamba jepesi ziweke hapa. Nataka nitafute mpira wako ulisimama milisekunde ya ngapi. Kwa hizi za sasa kusimama kunahitaji 0.058 × 8.5 = 0.493. Eneo hadi kilele cha 205 ni kama 0.45, kwa hiyo na wako umesimama baada ya kilele, sivyo?

Kiwiko
Eneo umelipata sawasawa. Kwa tofauti ya 0.04 sithubutu kusema ndiyo, kilele chenyewe hatujui kiko wapi ndani ya milisekunde ile. Tusubiri sensa yenye kasi zaidi.